Nilivyopata nakala safi ya masharti yetu baada ya kutuma yenye ugomvi

Mimi ni katibu wa SACCOS ya wafanyakazi. Mwaka tuliporekebisha masharti yetu, rasimu ya kurasa 34 ilizunguka kwa mwenyekiti, mhasibu, wakili na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akitusahihishia Kiswahili. Wote waliandika humo humo kwenye faili moja ya Word, Track Changes, inayotia alama kila badiliko, ikiwa imewashwa. Iliporudi kwangu ilikuwa nyekundu, bluu, kijani na zambarau, na pembeni msururu wa komenti.

Kosa langu la kwanza ndilo lililonifundisha. Nilikwenda Review, nikaona pale palipoandikwa All Markup pana mshale, nikachagua No Markup. Rangi zote zikatoweka, komenti zikapotea, ukurasa ukawa mweupe pe. Nikafurahi, nikaituma kwa ofisa aliyekuwa akisubiri. Kesho yake asubuhi akanipigia.

"Katibu, mimi hapa naona mnavyogombana."

Akanisomea komenti ya mhasibu kumhusu mwenyekiti, neno kwa neno. Nilitamani ardhi ipasuke. No Markup inakuvutia pazia tu. Mabadiliko yote yamo bado ndani ya faili, na akiifungua mwenzako kwenye kompyuta yake huenda akayaona yote. Mstari uliofutwa haujafutika mpaka mtu akubali kwamba umefutwa.

Nikakimbilia upande wa pili. Nikabofya Accept, kisha Accept All Changes, nikaanza kusoma. Kwenye kifungu cha riba ya ucheleweshaji nikakuta imeandikwa "asilimia 35 kwa mwezi". Moyo ukapiga paa. Rasimu ya mwanzo ilisema asilimia 2. Nikarudi kwenye faili ya zamani: mwenyekiti alikuwa ameifuta 2 akaweka 3, na mhasibu, badala ya kuifuta ile 3, aliandika 5 yake ubavuni. Kila mmoja aliona lake. Word haina habari ya nani yuko sahihi. Ukiambiwa kubali zote, nayo inakubali zote, na 3 na 5 zikikaa pamoja ni 35. Mwanachama akichelewesha rejesho angekuja kutushtaki.

Kuanzia hapo nikatulia. Kwanza nikahifadhi faili yenye rangi zake mahali pake, nikafanya kazi kwenye nakala. Nikarudisha All Markup, nikafungua Reviewing Pane, kidirisha kinachoorodhesha mabadiliko yote na juu yake kuna idadi. Idadi hiyo ilikuwa 412, na ndiyo niliyoitumia kama kipimo changu siku ile nzima.

Zaidi ya nusu ya hizo 412 zilikuwa takataka: mtu kabadilisha fonti, mtu kasogeza pambizo, mtu kaweka wino mzito kwenye vichwa. Hayo hayana haja ya kusomwa moja moja. Kwenye Show Markup nikaondoa alama ya Comments na ya Insertions and Deletions, nikabakiza Formatting peke yake. Kisha chini ya Accept nikachagua Accept All Changes Shown, yaani kubali yanayoonekana tu. Nikarudisha zile alama, nikatazama idadi: 171. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Humo Show Markup pana pia Specific People, orodha ya majina ya waliogusa faili. Nikawaficha wengine, nikamwacha mwalimu pekee. Ya kwake yalikuwa herufi na nukta, na nafasi alizoziba. Nikayapitia kwa jicho, nikayakubali yote kwa mkupuo. Wa kuogopwa ni wale wanaogusa tarakimu. Kila palipokuwa na rangi mbili kwenye sentensi moja nilisimama, nikasoma sentensi nzima kwa sauti kama vile mabadiliko yamekwisha kukubaliwa. Nilipata sehemu sita za namna ya ile riba. Sikuamua mwenyewe. Niliziandika kwenye karatasi nikampigia mwenyekiti, naye akanijibu, "Weka 3, mhasibu nitaongea naye."

Komenti niliziacha za mwisho, na kwa makusudi. Kukubali mabadiliko kwa kawaida hakufuti komenti, na kuna Delete All Comments in Document inayozifagia zote kwa mbofyo mmoja, kwa hiyo mkono unawasha. Lakini nilipozipitia kwa Next niligundua kwamba baadhi yake zilikuwa maagizo ambayo hakuna aliyeyatekeleza. Wakili aliandika: "Hapa ongezeni utaratibu wa mrithi mwanachama akifariki." Kila mtu aliisoma, kila mtu alidhani mwingine ataandika. Kama ningefagia, kifungu hicho kisingekuwepo kabisa. Tukakiandika, wakili akakipitia, ndipo nikafuta komenti.

Reviewing Pane ikafika sifuri. Nikadhani nimemaliza, kumbe Word huhesabu yanayopitia mlango wake tu. Mhasibu ni mtu wa zamani, hapendi komenti. Yeye huandika kwenye mwili wa maandishi: "(KATIBU ANGALIA HAPA!!!)" na kupaka njano. Kwa programu hayo ni maandishi halali ya masharti yetu. Nikafungua Advanced Find, nikaacha kisanduku kitupu, nikabofya More, kisha Format, kisha Highlight, nikawa napelekwa penye njano, sehemu moja baada ya nyingine. Tatu zilikuwa zimesalia. Nikatafuta pia nafasi mbili zilizofuatana nikazigeuza moja, maana maneno yakifutwa katikati ya sentensi huacha pengo. Halafu nikatafuta "kifungu cha". Kifungu kipya cha mrithi kilisukuma namba zote za mbele yake, na marejeo yetu yaliandikwa kwa mkono, hivyo kifungu cha 27 kilikuwa kikimpeleka msomaji kwenye habari za posho za wajumbe. Hili halina njia ya mkato. Nilikaa na karatasi nikakagua moja baada ya jingine.

Mwisho nikaingia File, Info, Check for Issues, Inspect Document. Hii hukagua kama kuna komenti, mabadiliko au majina ya waandishi yaliyojificha. Itumie kama mkaguzi tu, maana ukiona imekuta mabadiliko ukabofya Remove All, itayakubali yote bila kukuuliza, na tunarudi kwenye asilimia 35. Tena ipo Remove All nyingine kwenye Headers, Footers, and Watermarks. Niliibofya bila kusoma, namba zote za kurasa zikaenda zake. Bahati nzuri nilikuwa sijahifadhi.

Kabla ya kutuma nilitaka uhakika kwamba sijadondosha kitu. Kwenye Review pana Compare. Nikaipa masharti ya zamani yanayotumika kama hati ya mwanzo na nakala safi kama hati mpya, nayo ikanitengenezea hati ya tatu inayoonyesha kila tofauti. Hapo ndipo nikaona aya ya kiingilio imefutwa na mtu mahali ambapo hatukukubaliana. Nikairudisha, nikarudia Compare, nikatuma.

Simu ikaita mchana.

"Katibu, safari hii ni safi. Sasa nitumie na ile yenye rangi, nione mlichobadilisha."

Nikamtumia ile ya Compare. Rangi zote ndani yake zimebeba jina moja tu, langu.