Maelezo mawili, picha moja ya khanga

Wiki hii nimetangaza khanga zilezile kwa picha ileile na muda uleule, nikabadilisha maelezo tu: la kwanza lilianza na bei, "Doti moja shilingi 12,000", na la pili lilianza na swali, "Umeshaiona mpya ya Idi?"

La bei lilifikia watu 2,000 na kuleta jumbe 60, la swali watu 1,200 na jumbe 48. Kwa kuwa mtandao haukuyasambaza sawa, idadi tupu ingelipendelea la bei bila haki. Kwa kila watu mia, la swali ndilo lililoongoza, 4 dhidi ya 3. Hata hivyo, wengi wa waliolijibu waliuliza "bei gani?" kisha wakanyamaza, na walionunua walikuwa 9, ilhali la bei liliuza doti kwa watu 18.

Ukigawanya wanunuzi kwa watu waliofikiwa, la bei linaongoza kidogo mno: wanunuzi wawili zaidi upande wa pili wangeyageuza matokeo. Kwa hiyo sijachagua; nitayarudia yote mawili, kila moja kwa bajeti yake, nikihesabu waliolipa.