Naomi wa Kibanjani Kwetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu juma hili ni Ruthu 4:13-17. Nimelichagua kwa ajili ya Bibi yetu, tuliyemzika Jumamosi iliyopita kijijini kwetu, wilayani Muleba.

Naomi alizika mume na watoto wake wawili wa kiume katika nchi ya Moabu. Alirudi Bethlehemu akilalamika waziwazi kwamba Mungu amemtenda mambo machungu, wala Biblia haimkemei kwa kusema hivyo. Kisha Ruthu akamzaa Obedi. Naomi akampakata, akawa mlezi wake, na majirani wakasema Naomi amezaliwa mtoto. Tukumbuke kwamba Obedi alikuwa mwana wa Boazi na Ruthu. Kwa damu hakuwa mjukuu wa Naomi, ila yeye alimpokea kama wake.

Bibi naye alizika watoto wake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, na watu wakauita ugonjwa ule Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Anayelima migomba ataelewa nikisema hivi: katika kila shina tunaacha mama, mtoto na mjukuu, machipukizi mengine tunayang'oa, ili mama akishakatwa na mkungu wake mtoto awe tayari kuzaa. Miaka ile alikatwa mtoto. Wakabaki mama mzee na mjukuu mchanga, na mama akalazimika kuanza upya.

Tulifika kwake mmoja mmoja, kila msiba na watoto wake, mpaka tukawa 11. Wawili hawakuwa hata wa ukoo wetu. Mama yao alikuwa jirani, na siku ya matanga hakutokea ndugu wa kuwachukua. Bibi aliwashika mikono akaja nao nyumbani. Jioni hiyo walikula nasi ndizi na maharage kwenye sinia lile lile. Bibi alipakua mwenyewe, akianza na mdogo kuliko wote, na yeye akala mwisho. Sikumwona hata mara moja akibadili utaratibu huo.

Ada na madaftari vilitoka kwenye kahawa. Buni ilianikwa uani kwenye mikeka, na wingu likitanda juu ya Ziwa tulikimbia sote kuianua, maana ikinyeshewa inaota ukungu na bei inaanguka. Walipokuja watu kumshawishi auze sehemu ya kibanja cha marehemu mwanawe, alikataa. Aliwaambia wenye kibanja wako shuleni, wasubiriwe warudi.

Lakini ninachotaka tukitafakari zaidi ni cha baadaye. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, mmoja wetu alikuwa amedhoofika sana. Bibi alimpeleka kliniki, akaelezwa kwamba dawa ni asubuhi na jioni, saa kumi na mbili zikipita kati, na kwamba akirukaruka dozi virusi vitaizoea dawa nayo haitafanya kazi tena. Bibi hakujua kusoma saa. Alichokuwa nacho ni redio, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku hakuikosa. Basi ngoma ya taarifa ikilia, kidonge na kikombe cha uji vilikuwa tayari mkononi mwake. Asubuhi alifanya vivyo hivyo. Betri zikiisha nguvu alizianika juani, na zikishindikana kabisa alimtuma mtoto kwa jirani akasikilize huko na kurudi mbio. Miaka ikapita hivyo, usiku na asubuhi. Mtoto yule leo ni baba wa watoto wawili, na ndiye aliyesoma somo la Ruthu kaburini, kwa ruhusa yake nawasimulia haya.

Wengi wetu tukisema imani tunafikiria maombi marefu. Bibi aliomba kwa maneno machache, mara nyingi akiwa amechuchumaa jikoni, na mengine yote aliyomwambia Mungu yalikuwa katika kile kikombe cha uji kilichofika kwa wakati. Naamini Mungu aliyapokea kama maombi.

Amelazwa kibanjani, kando ya watoto wake, nasi tumekubaliana kwamba sehemu ile haitauzwa.

Tuombe. Ee Bwana, tunakushukuru kwa mtumishi wako aliyetupakata. Uwakumbuke bibi walio peke yao na wajukuu usiku huu, hasa yule wa ng'ambo ya mto mwenye mapacha, ambaye mguu wake umevimba na hawezi tena kupanda kilima kuchota maji. Utupe sisi wa jumuiya hii miguu ya kumchotea kuanzia kesho. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.