Dakika za kufikia nusu: jinsi nilivyopima kama kisafisha hewa kinatosha chumba

Nilipotafuta kinga dhidi ya moshi, kila niliyemuuliza alinijibu, "Hakikisha ni HEPA tu." Ushauri huo umenichosha. HEPA ni sifa ya chujio: linanasa chembe 99.97% za ukubwa wa maikroni 0.3. Halikuambii mashine inapitisha hewa kiasi gani, na hilo ndilo linaloamua kama utalala ndani ya moshi au la.

Chumba changu ni mita 5 kwa 4, na dari ni mita 2.5, yaani mita za ujazo 50. Kwa moshi nataka hewa yote ichujwe angalau mara 5 kwa saa, kwa hiyo nahitaji CADR, yaani kiasi cha hewa safi ambacho mashine inatoa, ya mita za ujazo 250 kwa saa. Kisafisha hewa nilichokuwa nacho kiliandikwa "hadi mita za mraba 60", lakini CADR yake ilikuwa 170. Ukigawanya, chumba cha ukubwa huo kingepata hewa safi mara moja tu kwa saa. Siku hizi sisomi mita za mraba kwenye boksi, natafuta CADR ya moshi. Nayo hupimwa mashine ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa, ile yenye kelele ambayo hakuna anayeweza kulala nayo.

Sasa nieleze kipimo chenyewe, maana ndicho kilichonitoa gizani. Unahitaji kipima cha kawaida cha PM2.5, yaani chembe ndogo sana zinazoelea hewani kama zile za moshi. Vipima hivi vya bei nafuu hukosea namba ya moshi, mara nyingi kwa kuizidisha, lakini hapa haidhuru kwa sababu tunalinganisha namba mbili za kifaa kilekile. Chagua siku ambayo nje hakuna moshi. Funga madirisha, washa kijiti cha udi hadi namba ipande vizuri, kizime na ukitoe, kisha acha feni ndogo ikoroge hewa dakika chache. Weka kipima mbali na mdomo wa mashine. Washa mashine, hesabu dakika ambazo namba inachukua kushuka hadi nusu, mathalani kutoka 200 hadi 100. Gawa 42 kwa dakika hizo, utapata hewa imesafishwa mara ngapi kwa saa. Rudia bila mashine, maana moshi hupungua wenyewe pia, kisha toa jibu hilo kwenye lile la kwanza. Tofauti hiyo ukiizidisha kwa ujazo wa chumba, unapata CADR.

Kwangu, bila mashine ilichukua dakika 60, yaani 0.7. Kisafisha hewa kwenye kasi ya juu kilichukua dakika 10: 4.2 kutoa 0.7 ni 3.5, mara 50 ni 175. Boksi lilisema kweli. Kwenye kasi ya usiku ilichukua dakika 22, na CADR ikaanguka hadi 60 hivi. Nilikuwa nalala na robo ya kile ninachohitaji.

Nikajaribu feni ya boksi ya inchi 20, nikaibandika mgongoni chujio moja la MERV 13, daraja la uchujaji lililo chini ya HEPA. Dakika 9, sawa na CADR ya 200 hivi. Haikutosha, na sababu nilikuja kuiona kwa kipande cha karatasi laini. Feni hizi hazina nguvu ya kuvuta. Zikibanwa na chujio moja, hewa hupenya kinyumenyume kwenye pembe za mbele, pale mapanga yasipofika. Karatasi ikisogezwa pembeni, ilinyonywa kuelekea ndani.

Dawa ni vichujio vinne vya inchi 20 kwa 20, unene inchi 2, vikisimamishwa kama kuta za sanduku. Mishale ya mwelekeo wa hewa iliyochapwa kwenye vichujio yote ielekee ndani. Chini weka kadibodi, juu laza feni ikipuliza kwenda juu, na kila kiungio kizibe kwa selotepu pana. Kila chujio sasa linapitisha robo ya hewa, kwa hiyo feni haikabwi. MERV 13 hunasa chembe chache kuliko HEPA kwa kila mpito, lakini hewa inapita mara nyingi zaidi, na hiyo hufidia.

Usiruke hatua ya mwisho: kata kadibodi yenye tundu la duara lenye upana wa mapanga, uibandike mbele ya feni ili kuziba pembe. Baada ya hapo karatasi haikunyonywa tena. Kwenye kasi ya kati namba ilifika nusu kwa dakika 4, yaani 490 hivi, na bado nalala.

Harufu na gesi za moshi hupita kwenye HEPA na MERV 13 pia, isipokuwa kama kuna mkaa amilifu wa kutosha ndani ya chujio. Na vichujio vya MERV 13 hutegemea chaji ya umeme tuli, ambayo moshi huiua kabla chujio halijaonekana chafu. Kwa hiyo narudia kipimo kila mwezi wa moshi. Zile dakika 4 zikifika 7, CADR imeshuka hadi 265 hivi, nami nabadilisha vyote vinne.