Barua kwa yaya, ndugu yangu mkubwa: masikio ya Baba

Yaya, jana jioni umeme ulikuwa umekatika hapa Bukavu kama kawaida, nikamuuliza Baba, "Saa iko wapi?" Akanyanyuka, akaniletea taa. Nimelala nikiwaza kosa lile. Irabu anazisikia vizuri, ila S na T zinampotea.

Karatasi ya kipimo cha masikio inasema hivyohivyo. Masikio yote mawili yanalingana: kwenye sauti nzito, hetzi 500, anaanza kusikia kwenye desibeli 40, kwenye sauti nyembamba kama za S na T, hetzi 4000, hadi zifike desibeli 75. Ndiyo maana kile kikuza sauti tulichomnunulia mwaka jana hakikumfaa. Kilipandisha kila kitu sawasawa, sahani zikigongana akashika kichwa, na maneno yakabaki vilevile. Tafuta kifaa cha kusikia ambacho fundi wa masikio anakipanga kwa kompyuta kufuata karatasi hiyo, kiongeze zaidi pale palipopungua.

Najua utaonyeshwa vile vidogo vya kuchaji, vinapendeza kweli. Usivichukue. Huku tunaweza kukaa siku mbili bila umeme, na Baba atakaa siku mbili bila kutusikia. Chukua cha kukaa nyuma ya sikio, kinachotumia betri namba 13, zile zenye kibandiko cha rangi ya machungwa. Betri moja humaliza kama siku kumi, kwa hiyo masikio mawili kwa mwaka ni kama betri 72, yaani pakiti kumi na mbili za sita sita. Tazama tarehe ya mwisho kwenye pakiti. Kibandiko kisibanduliwe kabla ya siku ya kutumia, maana hewa ikishaingia betri inaanza kuisha hata ikikaa kabatini.

Tena, spika iwe ndani ya kifaa chenyewe, sauti ipite kwenye mrija hadi kwenye kizibo cha sikioni. Vile vyenye spika ndani ya sikio huzibwa na nta, na hapa sijui nani angetubadilishia spika. Kizibo na mrija nitavichomoa mwenyewe, nivioshe kwa maji na sabuni, nivikaushe hadi asubuhi. Mrija ukigeuka njano na kukakamaa unabadilishwa, kwa hiyo ongeza mirija michache.

Kizibo lazima kifinyangwe kwa umbo la sikio lake, la sivyo sauti itavuja na kifaa kitapiga filimbi mchana kutwa. Tayari wamemsafisha nta na kuchukua umbo la masikio yote mawili kwa silikoni. Maumbo hayo nimeyaweka kwenye kopo gumu yasibonyee, pamoja na nakala ya kipimo. Mwombe fundi atoboe kitundu kidogo kwenye kizibo, sauti ya Baba mwenyewe isimvumie kichwani, na aache kitufe cha sauti kikifanya kazi. Vidole vyake vinatetemeka, yaya. Kitufe kiwe kile anachoweza kukipapasa bila kukiona.

Kopo linaondoka Jumamosi.