Siku Moja Maishani Mwangu: Mhariri wa Maelezo ya Video, Mwanza

Watu wakisikia kwamba ninafanya kazi katika chumba cha habari hapa Mwanza, huuliza ninatangaza kipindi gani. Sitangazi chochote. Ninaandika vichwa vya video, maelezo yaliyo chini yake, tarehe na sura zinazoigawa video katika sehemu, na ninayarekebisha habari inapobadilika. Siku ninayoisimulia ni Alhamisi, 19 Juni 2025, siku ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo–Busisi, linaloitwa pia Daraja la J.P. Magufuli.

Saa moja asubuhi nilikagua vichwa, picha za jalada na ratiba, kama kila siku.

Saa tatu tuliweka video fupi ya maandalizi ya uzinduzi. Mhariri wetu alitaka kichwa kiseme "Daraja kuzinduliwa leo". Nilimwomba, "Dada, tuandike tarehe kamili," kwa sababu tarehe inayoonekana chini ya video ya YouTube hufuata saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Saa tatu asubuhi ya Mwanza, kule bado ni usiku wa jana, kwa hiyo video yetu ilisomeka 18 Juni. Kabla ya saa nne mtazamaji alikuwa amekwisha kupiga simu kuuliza kwa nini tumetangaza jambo siku moja kabla. Nilimwonyesha tarehe iliyo kwenye kichwa, akaridhika nusu.

Kazi iliyonichosha ilikuja mchana, mwandishi wetu aliyekuwa Busisi alipothibitisha kwamba uzinduzi umefanyika. Tulikuwa na video ya ufafanuzi ya mwaka 2024, ambayo watu walikuwa wakiifungua kwa wingi siku hiyo. Ilisema mambo mawili yaliyohitaji kushughulikiwa: kwamba daraja linajengwa, na kwamba urefu wake ni kilomita 3.2, takwimu iliyozoeleka katika habari nyingi. Urefu rasmi ni kilomita 3, na barabara unganishi ni kilomita 1.66 nje ya hapo. YouTube haikuruhusu kubadilisha faili la video na kubaki na kiungo kilekile, hivyo njia iliyobaki ilikuwa maelezo.

Mhariri alisema, "Mdogo wangu, weka yote mawili chini ya masahihisho, tumalize." Nilikataa, na tulibishana hadi chai ikapoa. Kauli kwamba daraja linajengwa ilikuwa kweli siku iliposemwa; kuiita kosa ni kumdanganya msomaji kuhusu mwaka 2024. Hiyo ni habari mpya, na mahali pake ni mstari wa kwanza kabisa, kwa sababu mtazamaji huona mistari michache tu kabla ya kulazimika kubonyeza ili asome zaidi. Niliandika hivi:

```
IMESASISHWA 19 Juni 2025: Daraja lilizinduliwa
tarehe 19 Juni 2025. Video hii ni ya mwaka 2024,
ujenzi ukiendelea.
```

Urefu, kwa upande wake, ulikuwa kosa tangu mwanzo, na kosa lina utaratibu wake. Neno la kwanza sharti liwe la Kiingereza hata maelezo mengine yote yakiwa ya Kiswahili, na sehemu hiyo hukaa baada ya orodha ya sura:

```
Correction:
2:14 Urefu wa daraja ni kilomita 3, si 3.2.
```

Ukiandika "Sahihisho", maneno yatabaki kuwa maandishi ya kawaida. Ukiandika inavyotakiwa, kadi ndogo hujitokeza kwenye video yenyewe dakika hiyo ikifika. Niliipeleka video hadi 2:10, nikasubiri, kadi ikatokea. Mhariri aliyekuwa amesimama nyuma yangu hakusema neno, ila aliondoka na kikombe changu.

Kufikia saa kumi sikuwa nikitazama saa tena. Nilipitia sura, nikahakikisha zinaanzia 0:00, kwani bila hapo zote hupotea, na kwamba jiwe la msingi la 7 Desemba 2019 halijachanganywa na kuanza kwa ujenzi mwaka 2020. Watu huziunganisha tarehe hizo kila mara, kisha hesabu ya miaka ya ujenzi inakataa.

Giza lilikuwa limeingia nilipobadili lugha ya simu kuwa Kiingereza, na maelezo yakasema daraja bado linajengwa. Tafsiri huhifadhiwa peke yake, nayo haifuati marekebisho ya lugha ya asili. Nilifungua sehemu ya lugha, nikaandika upya mstari wa juu pamoja na urefu, nikahifadhi, kisha nikamwachia mwenzangu wa zamu ya usiku ujumbe kwamba kichwa cha Kiingereza kimebaki.