Siku moja maishani mwangu: habari ya daraja ambayo hatukuichimba sisi

Saa 1:10 asubuhi

Mimi ni mhariri wa zamu kwenye tovuti ya habari, na nusu ya zamu huishia katika kusoma walichoandika wengine. Leo gazeti moja limetuzidi kete. Limepata ripoti ya ukaguzi wa daraja lililofungwa wiki iliyopita, na ripoti inaonyesha nyufa zilijulikana miaka miwili kabla. Wasomaji wetu watataka kuijua habari hii. Je, tunaruhusiwa kuiandika?

Tunaruhusiwa. Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, ndio msingi wa sheria za hakimiliki katika nchi nyingi, na unasema wazi kwamba ulinzi wake hauhusu habari za siku zenyewe. Nguzo kuwa na nyufa ni ukweli, na ukweli hauna mwenyewe. Chenye mwenyewe ni namna ulivyosimuliwa: maneno, mpangilio, picha.

Hata hivyo, ruhusa hiyo si ya kukomba kila kitu. Mwaka 1918 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia shirika la International News Service lililokuwa likichukua habari za Associated Press kwenye magazeti ya mapema na mbao za matangazo, kisha kuwauzia wateja wake. Mahakama ilikubali kwamba matukio hayana mwenyewe, lakini ikaona si haki mshindani avune jasho la mwenzake habari ikiwa bado ya moto. Uamuzi huo ni wa Marekani, ila mimi huutumia kama kipimo: msomaji akimaliza toleo letu asiwe na sababu yoyote ya kwenda kwa walioichimba, tumechukua kupita kiasi.

Saa 2:00

Kabla ya kuandika neno, natafuta chanzo cha chanzo. Gazeti limeweka ripoti yenyewe chini ya makala, kwa hiyo naifungua na kuisoma. Tayari nimepata kitu ambacho makala haikukitaja: wakaguzi walipendekeza malori mazito yazuiwe kupita mpaka ukarabati ufanyike. Hilo nitalitoa moja kwa moja kwenye ripoti.

Kuisoma ripoti mwenyewe hakufuti deni letu kwa gazeti. Bila wao nisingejua kama ipo. Kuna wahariri ambao wakishapata waraka huandika "kwa mujibu wa ripoti" na kunyamaza, kana kwamba ripoti iliwadondokea mezani. Kisheria pengine hawashikiki. Mimi huo nauita uongo.

Saa 3:30

Kijana wa mafunzo ameniletea rasimu. Gazeti liliandika hivi:

"Wakaguzi waliona nyufa kwenye nguzo mbili za daraja miaka miwili kabla halijafungwa, lakini ripoti yao ilikaa kabatini bila mtu kuchukua hatua."

Yeye ameandika hivi:

"Wachunguzi walibaini mipasuko kwenye mihimili miwili ya daraja hilo miaka miwili kabla ya kufungwa, lakini taarifa yao ilibaki kwenye kabati bila yeyote kuchukua hatua."

"Dada, nimebadilisha karibu kila neno," ananiambia.

Amebadilisha maneno, lakini mifupa ni ileile: mpangilio wa sentensi, "lakini" palepale, hata kabati limehama nalo. Huo bado ni wizi wa maandishi, tena umezaa kosa. Nguzo ndizo zinazosimama kubeba daraja. Mihimili hulala juu yake. Kisawe kimetuhamishia nyufa kwenye kiungo kingine cha daraja. Na kabati ni tamathali ya mwandishi wa gazeti. Ripoti haisemi popote ilihifadhiwa wapi, ila sisi tumeliandika kama tukio.

Namwambia afunge makala, abaki na ripoti na daftari. Aandike mambo ya kweli kwa vipande, bila sentensi kamili: nguzo mbili, nyufa, miaka miwili, malori, nani alipokea ripoti. Kisha ajiulize msomaji wetu anataka kujua nini kwanza. Kwa maoni yangu ni malori, maana wengi wamepita pale nyuma ya lori. Rasimu ya pili inaanza hivi:

"Malori mazito yaliendelea kuvuka daraja lililofungwa wiki iliyopita, ingawa wakaguzi walitaka yazuiwe miaka miwili kabla baada ya kuona nyufa kwenye nguzo mbili. Mapendekezo hayo yamo kwenye ripoti ya ukaguzi iliyofichuliwa kwanza na gazeti…"

Hapo sasa. Jina la gazeti limo aya ya kwanza, na kiungo tumekiweka juu ya maneno "iliyofichuliwa kwanza", kinachofungua makala yenyewe na si ukurasa wa mbele. "Chanzo: mitandao" mwishoni mwa habari haimsaidii yeyote.

Ndipo anafungua tena makala na kulinganisha. Anatafuta mfuatano wowote wa maneno manne au matano unaofanana. Majina ya taasisi na vyeo huachwa. Vingine vinaandikwa upya au vinatiwa alama za nukuu.

Saa 5:00

Makala ina mahojiano na mhandisi. Maneno hayo aliyatoa kwa gazeti, kwa hiyo tukiyatumia lazima tuseme "aliliambia gazeti hilo". Ukiandika "alisema" tu, msomaji ataamini tulizungumza naye. Mkataba wa Berne unaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kuchapishwa kwa kiasi kinacholingana na lengo, mradi utaje chanzo na jina la mwandishi likiwepo. Idadi ya maneno hautaji. Habari za "maneno mia hayana shida" ni uzushi. Tunachukua sentensi moja.

Mwenzangu anampigia mhandisi simu na anapokea. Anathibitisha, kisha anaeleza ufa wa aina gani humtisha na upi humwacha alale. Hayo sasa ni yetu, na hapo "alisema" ni halali.

Saa 6:30 mchana

Picha. Gazeti lina picha safi ya ufa, na kijana anauliza kama tunaweza kuitumia tukitaja jina la mpiga picha. Hapana. Kutaja jina si kuomba ruhusa. Mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama jijini New York liliamuru Daniel Morel alipwe dola milioni 1.2 baada ya picha zake za tetemeko la Haiti la 2010, alizoziweka Twitter, kusambazwa na AFP na Getty Images bila idhini yake. Tunamwomba mpiga picha kwa barua pepe, na wakati tunasubiri tunaweka picha yetu ya zamani ya daraja, tukiandika kwamba ni ya zamani.

Saa 9:15 alasiri

Gazeti limesahihisha: kikao kilichopokea ripoti kilifanyika Mei, si Machi. Mwezi huo hatukuuthibitisha wenyewe, na tuliandika "kwa mujibu wa gazeti hilo". Tunabadilisha na kuongeza mstari chini kueleza kilichobadilika. Anayetumia kazi ya wengine hana budi kurudi kuitazama. Sisi hufungua makala ya asili tena kabla zamu haijaisha.

Saa 11:00 jioni

Tovuti nyingine imeandika habari ileile na kututaja sisi kama waliofichua ripoti. Kijana amefurahi. Mimi nawaandikia mistari miwili: asanteni kwa kiungo, lakini ripoti iliibuliwa na gazeti, kiungo cha makala yao ni hiki, tafadhali hamishieni sifa huko, na kwetu mbakize sehemu ya mhandisi tu.