Ninavyopiga bei ya kilomita kwa lori la Dar–Lusaka

Mteja akiuliza "kilomita moja mnatoza kiasi gani?", huwa simjibu palepale. Kilomita ya lori ina bei mbili tofauti, inategemea umeigawa juu ya nini. Gari likitoka bandari ya Dar es Salaam na mbolea hadi Lusaka linatembea kama kilomita 1,940: 930 hivi mpaka Tunduma, na 1,010 kutoka Nakonde hadi Lusaka. Likirudi tupu, mita imesoma 3,880, lakini anayelipa ni mmoja na amelipia za kwenda tu. Kwa hiyo gharama nazikusanya za mzunguko mzima, kisha nazigawa kwa kilomita zenye mzigo peke yake. Mwenye kugawa kwa 3,880 halafu akampa mteja bei hiyo kwa 1,940 ameuza safari kwa nusu ya gharama, na hataliona hilo mpaka matairi yaishe.

Mfano wangu ni kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu, mzigo tani 30. Bei ninazotumia hapa ni za kuonyesha hesabu. Wewe weka za risiti zako. Nahesabu kwa dola kwa sababu malipo mengi ya upande wa Zambia huja kwa dola.

Naanza na kinachokwenda na kilomita. Dizeli ndiyo kubwa kuliko vyote, na kosa la kawaida ni kutumia ulaji mmoja kwa safari nzima. Gari hili likiwa na tani 30, likipanda Kitonga na milima ya Mbeya, linakwenda kilomita 2 kwa lita. Likiwa tupu linafika 3. Kwenda ni lita 970, kurudi 647. Naongeza lita 50 na kidogo za injini inayowaka kwenye foleni za mizani na mpakani, nafunga kwenye 1,670. Kwa dola 1.10 kwa lita, ni 1,837. Ulaji huu usiuchukue kwenye kitabu cha gari. Jaza tangi mpaka mdomoni, andika mita, jaza tena mdomoni gari likirudi, ugawe. Tofauti ya safari na safari ikizidi asilimia 5 kwa njia ileile na uzito uleule, kabla ya kugusa bei tafuta kwanza mafuta yamekwenda wapi.

Matairi yako 22: mawili mbele, manane ya kichwa nyuma, kumi na mawili ya tela. Nikiyanunua kwa dola 300 kila moja na kwa wastani yakanipa kilomita 80,000, ni senti 8.25 kwa kilomita, yaani dola 320 kwa mzunguko. Watu wengi huliacha hili kwa sababu tairi halinunuliwi kila safari. Servisi na matengenezo naweka senti 12 kwa kilomita, dola 466.

Tozo za barabara zinataka uangalifu kwa sababu nchi hizi mbili hazitozi kwa namna moja. Tanzania, gari la nyumbani halikuti geti la kulipia kwenye barabara ya TANZAM. Tozo ya barabara imo ndani ya bei ya dizeli, umeshailipa kituoni. Ukivuka Nakonde wewe ni gari la kigeni. Kiwango cha utaratibu wa COMESA kwa gari la zaidi ya ekseli tatu ni dola 10 kwa kila kilomita 100, nami nakihesabu kwa kilomita zote za ndani ya Zambia, ziwe na mzigo au tupu: 2,020, yaani dola 202. Juu yake kuna bima ya kadi ya njano, ada za halmashauri na karatasi nyingine za mpakani. Hizo nachukua risiti za safari zilizopita na kuweka wastani wake, hapa 140. Jumla ya njia ni 342. Dereva akirudi na matumizi yasiyo na risiti, siyaingizi kwenye tozo. Nayaandika mstari wake, la sivyo baada ya mwaka hutajua geti limepanda au mfuko umetoboka.

Dereva namgawa mara mbili. Mileji ya safari, dola 300 kwenda na kurudi, inakaa hapa pamoja na kilomita. Mshahara wake na michango ya mwajiri ya NSSF na WCF unakwenda kwenye siku, kwa sababu unalipwa gari likitembea au likilala.

Na siku ndizo zinazoamua safari hii kuliko kilomita. Nachukua kila kinacholipwa hata gari likiwa limeegeshwa: mshahara wa dereva, bima, leseni, ving'amuzi vya gari, yadi na ofisi, riba, na kushuka thamani kwa gari lenyewe. Hapa jumla ni dola 21,000 kwa mwaka. Naigawa kwa siku 300 ambazo gari linaweza kufanya kazi, si 365. Siku moja ni dola 70. Halafu nahesabu siku za mzunguko bila kujidanganya: 2 za kupakia, 3 hadi Tunduma, 3 za mpaka, 3 hadi Lusaka, 2 za kushusha, 7 za kurudi mpaka yadini pamoja na mpaka. Ni 20, dola 1,400. Hata pale Tunduma na Nakonde panapohudumiwa kama kituo kimoja cha pamoja, foleni ya malori ikirefuka hadi nje ya mji, siku 3 zinakuwa 6, na dola 210 zimekwenda bila gurudumu kuzunguka. Ndiyo maana anayehesabu kwa kilomita peke yake huona kila safari ya mbali ina faida kwenye karatasi.

Jumla: 1,837, 320, 466, 342, 300 na 1,400 zinafika 4,665. Gawa kwa 1,940, unapata dola 2.40 kwa kilomita yenye mzigo. Hapo hakuna faida hata senti.

Faida naitaka asilimia 15 ya bei, si ya gharama. Kuzidisha 4,665 kwa 1.15 kunaleta 5,365, na faida humo ni asilimia 13 tu ya unachopokea. Kugawa kwa 0.85 kunaleta 5,488, sawa na dola 2.83 kwa kilomita. Tofauti ya dola 123 inatosha kununua theluthi moja na zaidi ya tairi kila safari. Faida yenyewe ni dola 823, na nikiigawa kwa siku 20 naona 41 kwa siku. Namba hii naiandika pembeni, ina kazi baadaye.

Sasa tatizo: 5,488 kwa tani 30 ni dola 183 kwa tani, na mwenzako mwenye uhakika wa mzigo wa kurudi atakushinda. Mzigo wa kurudi kwenye njia hii ni shaba, lakini haipakiwi Lusaka. Unarudi tupu hadi Kapiri Mposhi, kilomita 200, kisha unaacha njia ya nyumbani na kwenda Kitwe, 175 nyingine. Shaba ikishapakiwa unarudi zile 175 mpaka Kapiri ndipo uelekee Nakonde. Mchepuko ni kilomita 350.

Siuhesabu mzigo huu kama safari mpya. Gari lingerudi vyovyote, kwa hiyo nauliza tu limeongeza nini. Mafuta: tupu hadi Kitwe lita 125, na mzigo hadi Dar kama kilomita 1,920 lita 960. Ukitoa 647 za kurudi tupu, nyongeza ni lita 438, dola 482. Matairi na matengenezo ya mchepuko 71, tozo ya barabara 35, mileji ya ziada 100. Siku za kusubiri kupakia, kuvuka na mzigo na kushusha Dar nazikadiria 8, dola 560. Jumla ni 1,248. Chini ya hapo ni afadhali kurudi tupu, hata kama dereva anaona aibu kupita na tela jepesi. Na nikitaka siku hizo 8 nazo zitoe zile dola 41, sakafu yangu inapanda hadi 1,576.

Tuseme shaba inalipa 2,700. Ukitoa 1,248 kinabaki 1,452. Hicho chote sikitoi kwenye bei ya kwenda. Naangalia daftari: katika safari kumi za njia hii, ngapi zilipata mzigo? Zikiwa 6, natoa asilimia 60 tu, dola 871. Gharama ya kwenda inakuwa 3,794, na bei 4,464, sawa na dola 2.30 kwa kilomita au karibu 149 kwa tani. Kwenye jedwali la kompyuta mstari ni huu, `B1` ikiwa gharama ya mzunguko, `B2` kinachobaki kwenye mzigo wa kurudi, `B3` uwezekano wake, `B4` asilimia ya faida na `B5` kilomita zenye mzigo:

```
=(B1-B2*B3)/(1-B4)/B5
```

`B3` ndiyo watu huichezea ili bei ishuke. Ahadi ya dalali kwenye simu si asilimia 100. Naipandisha pale tu nikiwa na mkataba wa maandishi wa kurudi na mzigo.

Kwenye karatasi ya bei naandika mambo matatu chini ya namba. La kwanza, siku 2 za kupakia na 2 za kushusha ni bure. Baada ya hapo gari linalipiwa dola 111 kwa siku, yaani zile 70 na zile 41, na kwa siku za mpaka zinazozidi 3 ni vivyo hivyo kama chanzo ni nyaraka za mteja. La pili, akitaka bei ya tani, kiwango cha chini ni tani 30 hata akileta 27. Uzito ukizidi kwenye ekseli moja na mizani ikakataa, gharama ya kupanga upya mzigo ni ya aliyepakia. La tatu ni dizeli. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo bei yangu inaishi hadi tangazo linalofuata. Kila senti 10 zinazopanda au kushuka kwa lita ni dola 167 kwa mzunguko, nazo hubadilisha kilomita yenye mzigo kwa senti 8.6. Mteja wa mkataba wa miezi sita namwandikia hiyo 8.6 waziwazi, ipande na ishuke kwa pande zote mbili.